Baba Anahangaika na Mtandao, na Mimi Ninajua Unapokatikia

Mpendwa Bi Mughwai,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu, na safu yako naisoma kila wiki kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili hulileta gazeti maktaba akishalimaliza. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, maana mimi si mtu wa kuongea na nikianza kueleza kwa mdomo maneno hunikwama, ila kwenye karatasi hutoka, kwa hiyo nisamehe kama barua itakuwa ndefu.

Tunakaa kijiji kimoja cha ndani kidogo kutoka Shelui, upande wa kushoto ukiwa unaelekea Nzega. Tuko watatu nyumbani, mimi, mdogo wangu Joshua ambaye ana miaka mitano, na bibi yetu mzaa baba, Bibi Agripina, kwa sababu mama alifariki Joshua akiwa bado ananyonya. Baba yetu anaitwa Melkizedeki na yuko katika nchi moja ya Ghuba, anafanya kazi kwenye ghala la vyakula, kupakia na kupakua. Aliondoka Januari ya mwaka jana kwa mkataba wa miaka miwili, kwa hiyo imebaki miezi minne arudi, na siku aliyoondoka aliniahidi kwamba kila Jumapili tutaonana kwa simu ya video, hata kama dunia itapinduka, na mimi nataka kwanza ujue jinsi alivyoishika ahadi hiyo, ndipo nikuambie ubaya nilioufanya.

Jumapili ya kwanza alipopiga kwa ile programu ya kijani tuliyozoea wote, simu iliita vizuri, nikapokea, halafu ikaandika "inaunganisha" na ikabaki hivyohivyo, hakuna picha hakuna sauti, tukakata, akapiga tena mara sita. Ujumbe wa maandishi ulikuwa unapita na sauti za kurekodi zilikuwa zinapita, ila kuongea moja kwa moja hapana. Chumba anachokaa bwenini wanalala wanane, na mmoja wao ni Benson wa Mkiwa, huku mkoani kwetu, ambaye alikuwa ametangulia kule mwaka mzima, akamwambia, "Kaka, utaumaliza ukucha kwa kubonyeza. Simu za hivyo zimefungwa na sheria ya huku. Maandishi ruksa, kuongea mpaka programu waliyoikubali wao." Wenzake wengine walimwonyesha njia ya kuzunguka, kuna programu inayoificha simu ionekane iko nchi nyingine, lakini baba alikataa. Alinirekodia sauti akasema, "Mwanangu, sikuja huku kujificha. Tutafuata mlango wao." Akajiunga na huduma iliyoruhusiwa, ya kulipia kila mwezi, na akanitumia maelekezo hatua kwa hatua jinsi ya kuiweka programu hiyo kwenye simu ya bibi, kwa sababu lazima pande zote mbili muwe nayo, na simu ilikuwa imejaa ikabidi nifute picha za harusi ya shangazi ili ipate nafasi.

Ikafanya kazi, Bi Mughwai. Zaidi ya mwaka mzima ilifanya kazi. Tulikuwa bado tunaishi kwenye nyumba ya zamani ya tembe, na saa kumi jioni, ambayo kwake ni saa kumi na moja, tulikuwa tunakaa uani kwenye vigoda, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, na baba anatuona na sisi tunamwona. Alikuwa anamuuliza Joshua amekula nini, ananiuliza nimesoma kitabu gani na ananisikiliza mpaka mwisho, hata nilipomsimulia kitabu kizima. Na kila mara mwishoni Joshua alikuwa anaichukua simu mbio mpaka zizini, anaielekeza kwa maksai wetu wawili, Sukari na Dereva, na baba anapiga mluzi wake wa kulimia, na Dereva alikuwa anageuza kichwa. Bibi alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. "Huyu ng'ombe anamjua bwana wake mpaka kwenye kioo!"

Mwaka huu mwezi wa tano mambo mawili yalitokea pamoja. Kule, kampuni ilimhamisha baba na wenzake kwenye bweni jipya. Huku, nyumba mpya ambayo baba aliijenga kwa kututumia kidogokidogo ikaezekwa, tukahamia. Ni nyumba nzuri, ya tofali za kuchoma, imepigwa plasta, bati mpaka kwenye baraza, mlango wa chuma, na madirisha kwa sasa yamewekwa vifuniko vya bati kwa sababu vioo bado. Halafu wiki ya pili baada ya kuhamia, Sukari aliugua ndigana akafa, na siku tisa baadaye Dereva naye akafa, ingawa mtaalamu wa mifugo alikuja na sindano zake mara mbili.

Bibi alituketisha, mimi na Joshua, akasema, "Melki asiambiwe." Nikauliza kwa nini, akasema, "Msiba unapelekwa na mtu. Mtu anakwenda, anakaa na mwenzake, anamshika bega, wanakunywa maji, ndipo anasema. Sisi tutamwambia kwa simu, akishakata nani atakaa naye? Kuta?" Kwetu ndivyo ilivyo kweli, habari mbaya haitumwi kama mzigo kwenye basi. Na maksai wale ndio aliowanunua kwa mavuno ya alizeti ya miaka mitatu. Tangu siku hiyo bibi akaamuru simu ya Jumapili tuipokelee sebuleni, mlango umefungwa na vifuniko vya madirisha vimeshushwa, ili Joshua asikimbie nayo zizini na baba asione zizi tupu.

Hapo ndipo simu ilipoanza kufa. Picha inakuja dakika moja, inageuka vipandevipande kama mkeka, sauti ya baba inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, halafu anaganda, mdomo wazi, inaandika "inaunganisha tena", na basi. Wiki ya kwanza tulicheka. Wiki ya nne hatukucheka. Joshua alianza kumwita "Baba wa Kukwama", na siku hizi akicheza na wenzake ananyoosha mkono, anafungua mdomo, anasimama hivyo, halafu anawaambia, "Mimi ni baba." Nilipomvuta aje kwenye simu wiki tatu zilizopita aligoma kabisa. "Sitaki. Huyo ameharibika." Na baba alisikia, kwa sababu kwa bahati mbaya hiyo ndiyo sekunde mtandao ulikuwa mzima.

Sasa nikuambie alichokifanya baba. Yeye aliishia darasa la saba, lakini mimi sijaona mtu anayefikiri kwa utaratibu kama yeye. Kwa kuwa shida ilianza mwezi aliohamia bweni jipya, aliamini kosa liko upande wake. Akanunua daftari dogo akalichorea mistari, tarehe, saa, mahali, aina ya mtandao, dakika ngapi kabla ya kukwama, na akaweka sheria kwamba kila Jumapili atabadilisha kitu kimoja tu, kwa sababu, alisema, ukibadilisha viwili hutajua kipi kimeponya. Nilipomsikia nikakumbuka mwalimu wa fizikia anavyotuimbia jambo hilohilo maabara na hatumsikii.

Jumapili moja alitumia waifai ya bweni saa ileile, dakika moja na nusu. Iliyofuata alitumia waifai ileile lakini alidamka mapema, akapiga saa kumi na mbili asubuhi ya huku, wakati watu mia mbili wa bweni lake bado wamelala na hawaugawani mtandao, akapata dakika mbili. Akapanda juu ya paa la bweni, kwenye joto ambalo alisema unaweza kukaangia yai, ili awe mbali na kuta, dakika moja. Akaacha waifai akanunua kifurushi cha laini yake, dakika mbili. Akatembea kilomita sita mpaka kwenye duka kubwa lenye waifai ya bure, akasimama karibu na mlango kwa sababu hakuwa na kitu cha kununua, mlinzi akamuuliza anangoja nani, akamjibu, "Nangoja wanangu." Akafuta programu akaiweka upya. Akapunguza ubora wa picha. Akazima kamera yake kabisa, tukasikia sauti peke yake, ikakatika-katika lakini ikafika dakika saba, na akaniandikia kwa furaha, "Umeona? Sauti ni nyepesi, inapenya. Picha ndiyo nzito. Kwa hiyo njia ipo ila ni nyembamba. Tutafute inapobanwa." Siku hizo zote alikuwa ametoka kwenye zamu za saa kumi na mbili kwa siku, na Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kulala.

Halafu akafanya jambo ambalo lilinifanya nimheshimu zaidi na kuogopa zaidi. Alimwomba Benson apige simu kwao Mkiwa, akiwa amekaa kitanda kilekile cha baba, kwa waifai ileile, saa ileile. Mke wa Benson alionekana vizuri kama yuko mlangoni, wakaongea nusu saa, wakagombana mpaka kuhusu mbuzi. Baba akaniandikia swali moja: "Mwanangu, kumbe huku kwangu hakuna kosa. Ninyi mnapokea mkiwa mmekaa wapi?"

Bi Mughwai, mimi nilishajua. Nilikuwa nimeshajua wiki mbili kabla. Kwenye kitabu chetu kuna sura ya mawimbi, imeandikwa kwamba chuma huyarudisha mawimbi ya redio na ukuta huyapunguza nguvu, nikafikiria bati letu, mlango wetu na vile vifuniko. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, kuhusu simu, hali ya laini, ambako inaandikwa nguvu ya mtandao kwa namba yenye alama ya kutoa. Sebuleni, tukiwa tumefunga, ilisoma kutoa mia moja kumi na nane, na ile alama ya juu ilikuwa inashuka kutoka 4G kwenda 3G na kurudi. Nikatoka mpaka kwenye vigoda vyetu vya uani, upande wa barabarani ambako mnara uko, ikasoma kutoa tisini na mbili na 4G ikatulia. Kwa namba za aina hiyo, iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu, na tofauti ya ishirini na sita si ndogo hata kidogo, ni mamia ya mara. Barazani ilikuwa katikati. Nilirudia siku tatu, ikawa hivyohivyo. Nikaelewa pia kwa nini ujumbe unapita hata sebuleni, kwa sababu ujumbe unaweza kusubiri mlangoni mpaka njia ipatikane, lakini picha inayotembea haiwezi kusubiri, tena yetu inatakiwa kwenda na yake inatakiwa kuja wakati huohuo.

Lakini swali lake lilipoingia nilikuwa nimekaa na bibi, na bibi hawezi kusoma vizuri bila miwani, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Mwambie barazani." Nikaandika, "Tunakaa barazani, baba, mlango wazi." Vidole vyangu viliandika, Bi Mughwai, na mimi sikuwahi kumdanganya baba hata siku nilipovunja taa.

Siku ya pili alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Mwandiko wake ni wa kukandamiza, unaona mpaka upande wa pili. Chini kabisa ameandika, "Nyumbani: barazani, mlango wazi. Sawa." Na amepiga mstari chini ya neno "sawa". Kwa maana nyingine, alikuwa amefika kwenye jibu, akakuta nimelifuta.

Kwa kuwa upande wetu ulikuwa "sawa", akaamini ni simu yake, akanunua nyingine iliyotumika. Haikusaidia. Jumapili iliyopita tulipata sekunde arobaini. Jioni akanirekodia sauti, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayekiri. Alisema, "Nimejaribu kila kitu ninachokijua. Joshua ananisahau, na ana haki. Mwisho wa mwezi huu nitawaandikia kampuni niache kazi nirudi. Nitajilipia tiketi mwenyewe, basi. Nitanunua vioo vya madirisha siku nyingine. Angalau Sukari na Dereva wapo, tutalima."

Nilipomchezea bibi ile sauti alilia. Nikamwambia, "Bibi, tumwambie." Akasema, "Tukimwambia sasa, ndio atarudi na moyo umevunjika njiani." Nikamwambia, "Basi angalau tutoke nje." Akasema, "Tukitoka nje ataomba kuona ng'ombe. Wewe utamwonyesha nini? Kinyesi kilichokauka?" Halafu akasema, "Mtandao huu mbovu Mungu ndiye ametuletea, mjukuu wangu, umetufichia." Mimi sikumjibu, kwa sababu ni bibi yangu na ametulea, na usiku akiumwa miguu ndiye huyohuyo anaamka kumfunika Joshua.

Nifanye nini? Nikisema ukweli namvunjia bibi heshima na nampa baba msiba kwenye chumba cha watu wanane. Nikinyamaza, baba anaacha kazi miezi minne kabla, anarudi kwenye shamba asilo na maksai, akiamini kwamba alishindwa, wakati yeye hakushindwa chochote. Zimebaki wiki tatu mwezi uishe. Nakuomba usitaje jina langu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa karibu na Shelui

*

Bi Mughwai anajibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikiwa na kurasa nne, nami nimemwomba mhariri aipitishe mbele ya wengine, kwa sababu mwezi haungoji zamu.

Nianze na kukugombeza, maana unastahili na naamini utavumilia. Umeniandikia mimi nisiyekujua kurasa nne zilizopangika, zenye namba za mtandao mpaka sebule na uani, na baba yako hujamwandikia mistari miwili. Unasema maneno hukukwama mdomoni ila karatasini hutoka. Vizuri, na baba yako anajua kusoma. Usijifiche nyuma ya bibi wala nyuma ya aibu yako, wala usiniambie ni vidole vilivyoandika. Vidole havina akili. Uliandika wewe.

Nimekwisha kugomba. Sasa nikuambie nilivyomwona huyo baba. Nimekaa kwenye safu hii miaka kumi na moja, na barua za kina baba walio mbali ninazipata kwa magunia. Wengi ni wa kuulizwa walipo. Huyu wa kwenu amepanda paa kwenye jua, ametembea kilomita sita kwenda kusimama mlangoni pa duka, amekataa njia ya kujificha ingawa wenzake wanaitumia, na amefanya haya yote siku ambayo mwili wake unaomba kulala. Juu ya hayo hajakulaumuni hata mara moja. Angeweza kusema ninyi ndio wazembe, lakini alianza kujichunguza yeye. Nakuambia kweli, nilipofika kwenye lile daftari niliweka barua chini kidogo. Mtu wa namna hiyo habebwi kama yai. Ameshindwa kulipata jibu kwa sababu moja tu, kwamba kipimo cha upande wa pili kilikuwa mkononi mwako na ulimpa jibu la uongo.

Na bibi yako naye nimemwelewa, usidhani namdharau. Hoja yake si ya kijinga. Anasema msiba unahitaji mtu wa kukaa na mfiwa. Ni kweli kabisa, na mimi kwetu Ikungi nililelewa hivyohivyo. Lakini bibi amesahau jambo moja, na wewe msomaji wa vitabu umelipita bila kuliona ingawa umeliandika mwenyewe. Huyo mtu yupo. Analala kwenye chumba kilekile. Ni mtu wa Mkiwa, anajua ndigana ni nini, anajua maksai ni nini kwa mkulima, na anamwita baba yako kaka.

Kwa hiyo sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu.

Kwanza tenganisha mambo mawili, kwa sababu umeyafunga kwenye kitambaa kimoja ndiyo maana yanakulemea. Habari ya maksai ni ya bibi yako kuitoa. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba na ndiye aliyeamua iwe siri. Uongo wa barazani ni wako, na huo huhitaji ruhusa ya mtu kuurudisha.

Kaa na bibi, asubuhi, akiwa ameshapata uji na miguu haijaanza kumuuma. Usimfundishe fizikia. Mwambie hivi: "Bibi, ulisema habari inapelekwa na mtu. Tumtume Benson." Halafu nyamaza. Wewe ni hodari wa kunyamaza, hapo ndipo itakufaa. Akikubali, mshikie simu arekodi yeye mwenyewe, kwa sauti yake, amweleze Benson jinsi wanyama walivyougua, siku waliyokufa, na kwamba mtaalamu aliitwa akaja mara mbili, kusudi baba asije akadhani walikufa kwa kupuuzwa. Amwombe Benson achague saa nzuri, baada ya zamu na baada ya chakula, akae kitandani na mwenzake, amwambie, na asiondoke mapema. Namba ya Benson ataipata kwa mke wake, Mkiwa si mwezini. Kama bibi yako ni mwanamke ninayemwona kwenye barua yako, atasema maneno mazuri kuliko yote ambayo mimi na wewe tungeandika.

Asipokubali siku ya kwanza, rudi siku ya pili. Asipokubali siku ya tatu, mpelekee gazeti hili umsomee. Bibi Agripina, shikamoo. Ninakuheshimu, mama yangu, na umelea vizuri. Lakini mtandao mbovu haujakufichia kitu. Umemfichia mtoto wa miaka mitano baba yake. Maksai wananunulika tena kwa kuchelewa. Jumapili za Joshua hazinunuliki.

Benson akishatimiza, Jumapili tokeni nje. Vigoda vyenu, uani, upande wa mnara. Simu iwe imejaa chaji na kifurushi kiwe kipya, izime uiwashe kabla, na uhakikishe haipakui kitu kingine chochote kwa wakati ule, maana simu nyingi hujipakulia masasisho kimyakimya na kula njia. Soma ile namba yako ya kutoa kabla hajapiga, umtumie, aiandike kwenye daftari lake, kwa sababu safu ya upande wa nyumbani inakudai ukweli. Mkianza kukwama hata hapo, zimeni picha, ongeeni kwa sauti, msubiri dakika kumi, washeni tena. Joshua usimvute. Mtoto hashawishiki kwa kuvutwa. Mwache acheze karibu, asikie sauti inayomaliza sentensi zake, atakuja mwenyewe.

Na akiomba kuona zizi, mpeleke. Lionekane tupu. Atalitazama, pengine atanyamaza kwa muda, na mtandao ukiwa mzima mtajua kwamba amenyamaza, si kwamba amekwama. Hiyo ni tofauti kubwa na mnaistahili nyote.

Kuhusu kuacha kazi, hilo usimshauri. Wewe ni mtoto wake na si mwajiri wake. Mpe ukweli wote halafu mwachie aamue. Mtu anayebadilisha kitu kimoja kwa wakati hashindwi kuamua vizuri akiwa na namba sahihi.

Sasa liko lile la kwako peke yako, na hilo halingoji Benson, halingoji bibi, halingoji Jumapili. Umesema mwenyewe kwamba ujumbe wa maandishi unapita hata chini ya bati. Basi funga gazeti, chukua simu, uandike: "Baba, tulikuwa hatukai barazani. Tulikuwa sebuleni, tumefunga mlango na madirisha. Nilikudanganya. Sababu nitakuambia nikiruhusiwa, lakini simu yako ni nzima, na wewe hukukosea popote."

Usiongeze neno. Tuma.